Hasara ya Kitty Hawk

Wilbur na Orville Wright walianza na karakana ya baiskeli mjini Dayton, Ohio, mwaka 1892. Walitengeneza za wateja, na kufikia 1896 wakawa wanaunda za kwao. Kisha wakageukia ndege. Desemba 17, 1903, karibu na Kitty Hawk, baada ya safari ya nne ya sekunde 59 angani, upepo uliibiringisha ndege yao mchangani. Mbavu za mabawa zilivunjika, injini ikaharibika, na ndege ile haikuruka tena. Siku tisa kabla, ndege ya mshindani wao, Profesa Langley, ilitumbukia mtoni Washington, naye, aliyepewa dola 50,000 za serikali, hakujaribu tena.

Nashikilia kwamba ndugu hawa walinusurika kwa sababu hasara yao ilikuwa ya ukubwa ambao karakana ingeweza kuubeba. Gharama zote hazikufika dola elfu moja, fedha zilitoka kwenye baiskeli, na injini ilichongwa na fundi wao, Charlie Taylor. Alichokiunda alijua kukiunda upya.

Mtu atasema wao walikuwa wamesharuka, Langley hakuruka, basi moyo wa kuendelea haulingani. Ni kweli, ila moyo haununui mbao wala kitambaa. Karakana ndiyo iliyowabeba mwaka 1904, ndege yao ya pili ilipowasumbua kwa miezi, ikishindwa kupaa penye upepo hafifu, hadi Septemba walipobuni mnara wenye uzito unaoanguka na kuivuta kwa kamba. Septemba 20 Wilbur akazunguka duara kamili.