Barua ya kazi haianzie kwa kalamu: maneno kwa vijana wa Goma



Juzi kijana mumoja aliniambia: "Mukubwa, uniandikie barua ya kuomba kazi." Kazi gani? "Yoyote." Tangazo liko wapi? Hana. Ulishafanya nini? Akanyamaza.

Ningeandika vile, barua ingesema tu "mimi ni mutu wa bidii". Kila mutu anasema vile.

Tukatafuta tangazo kwanza. Shirika moja lilitaka mutu wa kuchunga depo, anayejua kujaza fishi za stoki. Barua iwe ukurasa moja, na namba ya tangazo iandikwe kwenye obje.

Hapo akakumbuka: miaka miwili alihesabu magunia ya unga katika depo ya mujomba wake, kila jioni anaandika yaliyoingia na yaliyotoka. Kumbe barua ilikuwa hapo! Sentensi hiyo tuliiweka mwanzoni, namba ya tangazo juu yake.

Barua haitoi kazi. Lakini bila vile vitu, hata mwandishi muzuri atabuni tu, na siku ya kuulizwa maswali utashindwa kujibu. Basi ukiomba musaada, kuya na vitu tatu: tangazo, kazi ulizofanya, namna wanavyotaka iandikwe.