Hesabu Kwanza, Friza Baadaye
(Mazungumzo ya mwanachama kuhusu umeme wa jua dukani)

Nimeombwa nieleze yaliyonipata na friza yangu, ili mwenzangu anayetaka kukopa kwa ajili hiyo asije akalia kama nilivyolia mimi.

Duka langu liko ndani huko Kisarawe, mbali na nguzo za TANESCO. Nilichukua mkopo wa kikundi, nikanunua friza, paneli moja ya wati 100 na betri moja ya gari. Siku ya kwanza tulishangilia. Alfajiri ya siku ya tatu nikakuta friza kimya, samaki wamelainika, maji yametiririka hadi mlangoni. Betri nayo haikumaliza miezi minne. Lakini rejesho la mkopo halikunisubiri.

Kosa lilikuwa nini? Sikupiga hesabu. Kwa hiyo leo tuipige pamoja.

Kwanza tujue tunakula umeme kiasi gani kwa siku. Wati za kifaa zidisha kwa saa kinazofanya kazi, unapata wati-saa. Wati-saa 1,000 ndiyo ile yuniti moja tunayonunua kwenye LUKU. Taa zangu ni 4, za wati 7 kila moja, nawasha saa 5: wati-saa 140. Simu nachaji 10 kwa siku, nazihesabia wati-saa 15 kila moja: 150. Friza haihesabiwi hivyo, maana mota yake huwaka na kuzima yenyewe. Hiyo ipimwe. Mimi niliipeleka kwa mwanachama mwenzetu wa Kibaha mwenye umeme. Tulizima kila kitu nyumbani, tukasoma LUKU, tukaiacha friza siku nzima ina mzigo na tunaifungua kama dukani. Ilikula yuniti 1.2, yaani wati-saa 1,200. Jumla ni kama 1,500.

Hapo wengi huishia. Kumbe inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, nayo inakula hata kama haina kazi. Yangu inakula wati 12 usiku na mchana, karibu wati-saa 300. Sasa tuna 1,800.

Pili, paneli. Msihesabu jua tangu asubuhi hadi jioni. Kwetu Pwani, wakati wa masika, hesabu saa 4 za jua kamili, basi. Tena joto, vumbi, nyaya na betri hupunguza, hivyo katika kila wati 10 hesabu 7. Paneli ya wati 100 itakupa wati-saa 280 tu. Mimi nilihitaji 1,800! Gawanya mwenyewe: zinatakiwa wati 640 na kidogo. Leo nina paneli 2 za wati 350. Zimeelekea kaskazini, zimeinama kidogo ili mvua izioshe, na tawi la mkorosho lililokuwa likitia kivuli tumelikata.

Tatu, betri. Nilitaka akiba ya siku moja ya mawingu, yaani wati-saa 1,800. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Basi lazima iwe na 3,600. Nimeunganisha betri 2 za volti 12, ampea-saa 150, chanya kwa hasi, zikawa volti 24: 24 mara 150 ni 3,600. Ziwe za sola. Ya gari imetengenezwa kuwasha injini, si kukesha. Ya lithiamu hustahimili kutumika hadi asilimia 80, hivyo ya volti 24 na ampea-saa 100 ingetosha, ila bei yake ya kuanzia ni kubwa.

Inveta nayo isiwe ya kubana. Friza yangu hutumia wati 120, lakini mota inapoanza huvuta mara tano au zaidi kwa nukta moja. Nimeweka ya wati 1,000, ya wimbi laini.

Utajuaje mambo yanaharibika? Pima betri alfajiri, friza na taa vikiwa vimezimwa kwa muda. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ukiona chini ya hapo kila asubuhi, unakula kuliko unavyovuna. Siku za mawingu mimi huacha kuchaji simu za watu, na ndani ya friza nina chupa za maji yaliyoganda mchana. Hizo hutunza baridi usiku.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kamati ikiletewa ombi la friza, kwanza iulize: umeipima?