Foleni ya Kilulani

Msikilizaji, ugomvi ulianza alfajiri kwenye foleni ya maji ya Kilulani. Muuza maji wa mkokoteni alijaza madumu kumi na mawili mfululizo, akina mama wakisubiri na ndoo zao.

Mtendaji wa kata hakuuliza nani alitukana kwanza. Alifungua sheria ndogo za halmashauri, zile zilizokwisha kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, akasoma: madumu mawili kwa zamu.

"Lakini Mtendaji, nimelipia yote!"

"Kulipia hakukupi ruhusa ya kuruka zamu, kijana wangu. Ukikiri, utalipa faini kwa namba ya malipo, si mkononi mwangu. Ukikana, shauri litakwenda mahakamani."

Alikiri, akalipa, akapewa stakabadhi. Wauza maji wakapangiwa saa nane mchana, foleni inapopungua.