Kimo Kinachopungua na Lawama Inayotupiwa Diski

Kimo cha mtu mzima hupungua polepole kuanzia umri wa kati, na mwendo huo huongezeka kasi baada ya miaka 70. Utafiti wa muda mrefu wa Baltimore, ambao matokeo yake kuhusu kimo yalichapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba kati ya miaka 30 na 70 wanaume hupoteza wastani wa sentimita 3 hivi na wanawake sentimita 5. Uti wa mgongo ndio unaofupika. Mifupa ya miguu hubaki na urefu wake.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba diski, yaani gegedu zilizo kati ya pingili, hukauka na kuwa nyembamba, basi mzee hufupika, na hakuna la kuchunguza. Maelezo haya yana chembe ya ukweli. Diski ni karibu robo ya urefu wa uti wa mgongo. Hupoteza maji mchana zikibanwa na uzito wa mwili, na huyanyonya tena usiku, hata mtu huwa mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni kwa sentimita moja hadi mbili. Uwezo huo wa kushika maji hudhoofika na umri, na diski za chini kabisa za kiuno mara nyingi huchakaa na kusinyaa kweli.

Lakini kuzibebesha diski mzigo wote ni kosa, na ushahidi wake unastahili kujulikana zaidi ya ulivyo. Twomey na Taylor, watafiti wa Australia, walipima pingili na diski za kiuno katika maiti za watu wa rika mbalimbali, wakachapisha kazi hiyo katika miaka ya 1980. Walikuta kwamba katika wazee wengi sehemu ya kati ya diski haikuwa imepungua unene. Mara nyingi ilikuwa imeongezeka. Kilichobonyea kilikuwa mfupa. Ndani ya pingili kuna vijiti vyembamba vya mfupa, vya wima na vya mlalo. Vya mlalo hupotea mapema, na vya wima vikikosa vya kuvishikilia hupinda. Uso wa juu na wa chini wa pingili hudidimia, na diski hutumbukia katika shimo hilo. Kazi hiyo ilihusu kiuno tu, lakini hoja yake inasimama: pingili inaweza kupoteza urefu huku diski ikibaki nene.

Udhaifu ukizidi, pingili huvunjika. Si lazima mtu aanguke; kuinua ndoo ya maji kunatosha. Mivunjiko hiyo hupendelea katikati ya kifua, na pale kifua kinapokutana na kiuno. Upande wa mbele hubanwa zaidi, pingili huwa na umbo la kabari, na mgongo huinama mbele. Takriban theluthi mbili ya mivunjiko hii haitambuliwi hospitalini, kwa kuwa maumivu huitwa ya mgongo tu, au hayapo.

Hapa hoja ya “wastani wa uzee” huporomoka. Wastani wa Baltimore ulikusanywa kwa watu walioishi na mifupa yao kama ilivyokuwa, wenye mivunjiko iliyofichika wakiwamo. Kumwambia mgonjwa kwamba amefupika kama wenzake ni kupima ugonjwa kwa rula iliyotengenezwa kwa ugonjwa huohuo.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 68. Kadi yake ya zamani ya kliniki ya wajawazito inasema sentimita 158. Leo, bila viatu, visigino ukutani, kipimo kikirudiwa mara tatu, ana 151. Tofauti ya 7 inazidi kosa la kipimo na mabadiliko ya kutwa. Kuanzia sentimita 4, picha ya mgongo inastahili. Kisogo chake hakigusi ukuta, na kati ya ubavu wa mwisho na nyonga hapaingii vidole viwili. Eksirei ya ubavuni inaonyesha pingili tatu za kabari. Zenyewe zimepoteza kama sentimita 2 tu. Kilichobaki kimeliwa na kibiongo na diski.

Kabla ya kuulaumu udhaifu wa mifupa, kifua kikuu cha mgongo na saratani viondolewe, hasa mgonjwa akiwa na homa, kukonda au maumivu ya usiku. Kipimo cha uzito wa mfupa nacho hudanganya: pingili iliyobanwa huonekana nzito. Mivunjiko yenyewe inatosha kuanzisha matibabu, na haifai kungoja. Miongoni mwa wanawake waliofuatiliwa baada ya kuvunjika pingili, karibu mmoja kati ya watano alivunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja. Sentimita zilizopotea hazirudi; dawa na mazoezi ya kunyoosha mgongo husaidia kuzuia kupotea kwa nyingine.