Kifungu cha Migogoro Katika Mkataba wa Shamba

Msikilizaji wa Soy, tuseme umekodi ekari tano za mahindi kwa shilingi 12,000 kila ekari. Mkataba ulionakili unasema mgogoro wowote utaamuliwa na mwamuzi binafsi. Mwenye shamba akikuzuia kupanda, mnagombania 60,000. Jaji hulipwa na serikali, lakini mwamuzi binafsi hulipwa na ninyi, pamoja na ukumbi wa vikao. Ada yake yaweza kumeza kodi yote. Ukikimbilia mahakamani, Sheria ya Arbitration ya Kenya ya mwaka 1995 inampa mwenzako nafasi ya kuomba kesi isimamishwe, mradi aombe mapema, anapojibu wito.

Wapo watakaosema mwamuzi huyo ana haraka na neno lake ni la mwisho. Ni kweli, na kwa ghala la mamilioni gharama hiyo ina maana. Kwa shamba la msimu mmoja, andikeni upatanishi kwanza: mtu wa kati mnayemkubali, siku 14, ada mgawane nusu kwa nusu. Wengine watauliza, na mwenzangu akikataa kuelewana? Ndiyo maana kifungu kimalizie kwa mahakama yenye mamlaka ya kesi za ardhi, na kiruhusu kuomba amri ya dharura wakati wowote, kwani mvua haingoji siku 14. Mkielewana, andikeni na mtie sahihi, maana maafikiano ya mdomo ni magumu kuthibitisha.