Barua ya kufukuzwa kazi: namna ya kuisema nyumbani na kwa patro mupya



Leo tunasema juu ya mutu aliyefukuzwa kazi. Hapa Kasongo, na kule Kabambare vilevile, mutu akifukuzwa, mtaa unasema neno moja tu: ameiba. Hakuna anayeuliza barua inasema nini. Na barua yenyewe ni ya Kifaransa, mama wa nyumba hawezi kuisoma, basi mtaa unamsomea.

Tumemfuata ndugu mmoja, jina tunaacha. Alitunza depo miaka mitatu kamili. Inventari mbili, moja kisha nyingine, fishi za stoki hazikulingana na mali iliyokuwa ndani. Wakamaliza mkataba. Kwa wiki tatu alikuwa anatoka asubuhi na shati ya kazi, anakaa sokoni mpaka saa kumi, anarudi. Mke aliendelea kukopa mchele na mafuta dukani, akiahidi franga za mwisho wa mwezi. Haya ilikuwa yake peke yake, lakini deni likawa la nyumba nzima. Kisha mke akasikia habari kisimani, kwa mwanamke mwingine. Hiyo ndiyo iliyomuumiza, zaidi ya kazi yenyewe.

Tulikaa naye, tukafungua barua. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha patro aandike sababu ndani ya barua. Pale hapakuandikwa wizi wala kosa zito. Iliandikwa kwamba hakutunza fishi vizuri. Tena walimpa preavi. Kwa mkataba usio na mwisho, sheria inahesabu siku 14 za kazi, inaongeza 7 kwa kila mwaka kamili: kwa miaka mitatu ni 14 na 21, yaani 35. Mutu wa kosa zito hapewi preavi, anatoka palepale. Kumbe zile siku 35 zilikuwa zinamtetea, naye alikuwa anaficha karatasi chini ya godoro!

Akamwambia mke kwanza, peke yao, pamoja na hesabu ya deni. Kisha akaenda kwa baba mkwe na barua mkononi, pamoja na mzee mmoja anayejua Kifaransa, aisome yote kwa Kiswahili, hata sehemu mbaya. Baba mkwe alikasirika juu ya fishi. Akamgombeza sana. Lakini aligombeza juu ya fishi, si juu ya wizi, na tangu siku ile ni yeye anayejibu watu mtaani.

Sasa patro mupya. Mkataba ukiisha, kwa sababu yoyote, patro wa zamani lazima atoe sertifika ya kazi, si zaidi ya siku mbili za kazi. Inaonyesha kazi uliyofanya, siku ya kuanza, siku ya kumaliza na namba yako ya akiba ya wafanyakazi. Haina ruhusa kuongeza neno lingine, si sifa, si lawama. Ukinyimwa, nenda kwa inspekta wa kazi. Wengi hawaiombi juu ya haya, wanafikiri imeandikwa ubaya wao.

Tunaona wengine wanaongeza miezi kwenye karatasi ya maelezo yao, ili lile pengo lisionekane. Sertifika inasema tarehe nyingine, na mashirika yanapiga simu kule ulikotoka. Hapo umejifukuza mara ya pili. Yule ndugu alijibu hivi: « Nilitunza depo miaka mitatu. Inventari mbili fishi hazikulingana, wakanipa preavi, mkataba ukaisha. Sasa ninahesabu kila juma, na mutu wa pili anatia sahihi. » Akanyamaza. Kunyamaza ndiyo ngumu. Mara ya kwanza tulipomzoeza, alisema robo saa, akamtukana mkubwa wake wa zamani.

Na ile « sasa ninahesabu » haikuwa maneno tu. Alikuwa anaogopa hata kushika daftari, mkono unatetemeka. Tukamwomba ahesabu mbegu za maharagwe za chama, gunia kwa gunia, na mama mmoja wa komite akitia sahihi pembeni. Miezi minne, hesabu ikatoka sawa. Lile daftari alienda nalo kwa patro mupya, na jina la yule mama likawa namba ya simu ya kuuliza.

Kwa mutu ambaye barua yake inasema kosa zito, mambo ni magumu zaidi. Sertifika haitasema, lakini simu itasema. Heri aseme yeye mwenyewe mbele, kabla hawajapiga. Na kama anaona si kweli, aende kwa inspekta mapema, na barua.

Mwenye barua asiyoielewa ailete ofisini. Tutaisoma naye, mlango ukiwa umefungwa.