Usiishie Kwenye Picha: Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Eksirei ya Kifua

Leo tuzungumze kuhusu karatasi moja ambayo wengi wetu huikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma. Mtu akipigwa eksirei ya kifua, mara nyingi hupewa vitu viwili: picha na ripoti. Picha tunainyanyua dirishani na kuishangaa. Ripoti tunaiacha. Lakini hatua za matibabu hutokana na ile ripoti, hasa mistari yake ya mwisho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mvulana wa kidato cha tatu, miaka 17, anakaa bweni. Amekohoa kwa wiki 4. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, na suruali ya sare imeanza kumpwaya. Daktari wa hospitali ya wilaya anamwandikia eksirei. Ripoti itakayorudi ina sehemu kadhaa, na kila moja ina kazi yake. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ila mpangilio ni huu huu.

Juu kabisa kuna jina, umri na tarehe. Hakikisha ni vyako! Kisha inakuja sababu ya kupiga picha. Kwa mvulana wetu imeandikwa: "Kikohozi wiki 4, jasho la usiku, amepungua uzito. Je, ni TB?" Kumbuka kwamba mtaalamu anayesoma picha mara nyingi hajamwona mgonjwa. Kivuli kwenye pafu la mtu aliyeanza homa kali juzi humfanya afikirie nimonia kwanza. Kivuli hicho hicho kwa mtu aliyekohoa mwezi mzima humpeleka kwenye TB. Kwa hiyo ukiulizwa umekohoa kwa muda gani, sema kweli.

Sehemu inayofuata inaeleza picha ilivyopigwa: "Amesimama, mionzi imetokea mgongoni, amevuta pumzi vizuri." Kwa nini wakuambie uvute pumzi na kuibana? Hewa huonekana nyeusi kwenye eksirei, na mfupa huonekana mweupe. Usipovuta pumzi ya kutosha, mapafu hujikunja na sehemu zake za chini huonekana na weupe kama vile zina ugonjwa. Hapo pia huandikwa kama kuna picha ya zamani ya kulinganisha. Kovu la miaka mingi halibadiliki, lakini ugonjwa ulio hai hubadilika. Mvulana wetu hana picha ya zamani. Wewe ukiwa nayo, nenda nayo.

Sasa tunafika kwenye kilichoonekana. Hapa mtaalamu anaandika kile ambacho jicho limeona, bila kukipa jina la ugonjwa: "Sehemu ya juu ya pafu la kulia kuna kivuli, na ndani yake tundu la sentimita 2 hivi. Pafu la kushoto ni safi. Hakuna maji kando ya mapafu. Moyo una ukubwa wa kawaida. Mifupa haina kasoro." Pengine utauliza, mifupa inahusu nini hapa? Maneno ya "hakuna" na "kawaida" yanamhakikishia daktari kwamba sehemu hizo nazo zimeangaliwa.

Halafu linakuja hitimisho. Kwenye ripoti za Kiingereza huitwa "impresheni". Hapa ndipo mtaalamu anapojibu lile swali la mwanzo: je, ni TB? Tazama ripoti mbili zinazohusu picha hiyo hiyo.

Ripoti ya kwanza inasema: "Kuna weupe upande wa kulia juu. Huenda ni TB, nimonia, kovu au uvimbe. Ilinganishwe na hali ya mgonjwa." Mwisho.

Ripoti ya pili inasema: "Hitimisho: Kivuli chenye tundu, sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kwa dalili alizonazo, inaelekea sana ni TB ya mapafu iliyo hai. Ushauri: Makohozi yapimwe leo kwa kipimo cha haraka cha vinasaba vya TB. Mgonjwa avae barakoa na akae penye hewa mpaka majibu yatoke. Daktari aliyemtuma amepigiwa simu saa 5 asubuhi."

Umeona tofauti? Ile ya kwanza haina uongo hata kidogo, lakini daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hatajua aanzie wapi. Anaweza kumpa kijana dawa za nimonia na kumrudisha bweni. Kule atakohoa wiki nyingine 3 katika chumba chenye vitanda vya juu na chini, madirisha yamefungwa kwa baridi. TB husafiri kwa hewa, na mtu mwenye tundu kwenye pafu mara nyingi hutoa vijidudu vingi. Ripoti ya pili inajibu mambo matatu: kinachoelekea zaidi, kifanyike nini, na lini.

Lakini angalia, hata ripoti ya pili haikusema "ni TB" kwa mkato. Imesema "inaelekea sana". Huo si woga. Eksirei huonyesha umbo la kivuli, haioni bakteria. Kovu la zamani au ugonjwa mwingine unaweza kutoa kivuli kinachofanana. Mwenye kuthibitisha ni kipimo cha makohozi, ndiyo maana hitimisho na ushauri havitengani. Na kinyume chake pia: picha safi haimaanishi huna TB kabisa, kwa sababu TB inaweza kukaa kwenye tezi au mifupa. Dalili zikiendelea, rudi kwa daktari.

Ufuatiliaji nao huwa na muda wake. Tuseme ingekuwa nimonia. Mgonjwa anaweza kujisikia vizuri ndani ya siku chache, lakini kivuli hukawia kuondoka. Ndiyo maana ripoti ikitaka picha irudiwe, mara nyingi husema "baada ya wiki 6". Ukirudia baada ya wiki 1, utakiona kivuli bado kipo na kutishika bure. Ripoti ikisema tu "picha irudiwe" bila kutaja lini, uliza.

Je, mvulana wetu? Makohozi yalionyesha TB inayosikia dawa za kawaida. Akaanza dawa za miezi 6, ambazo hutolewa bure katika vituo vya serikali, akashauriwa pia kupima virusi vya UKIMWI. Wenzake wa chumba kimoja wakaitwa kuchunguzwa. Maendeleo yake yalifuatiliwa hasa kwa kupima makohozi, maana kovu linaweza kubaki kwenye picha hata baada ya kupona.

Basi, siku wewe au mdogo wako atakapopewa karatasi hiyo, anzia chini. Tafuta hitimisho, kisha ushauri. Halafu mwulize daktari: "Ripoti imeshauri kifanyike nini, nani atafanya, na lini?" Kama hakuna ushauri wowote ulioandikwa, usitoke chumbani kabla hujaelezwa hatua inayofuata.